Sentimeta 20 zinazoumiza: Kwa nini ubao wa kurukia bado unagawanya ulimwengu wa riadha

Septemba 2025, fainali ya kuruka chini wanaume kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo. Mattia Furlani wa Italia, kijana wa miaka 20, anachukua dhahabu kwa mita 8.39. Tajay Gayle wa Jamaika ni wa pili kwa 8.34. Shi Yuhao wa China ni wa tatu kwa 8.33.

Piga hesabu kidogo. Kutoka dhahabu hadi shaba ni sentimeta 6. Hiyo ni chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, miruko mitatu wanaume iliamuliwa kwa pengo dogo zaidi. Jordan Díaz wa Hispania aliruka mita 17.86, Pedro Pichardo wa Ureno akaruka 17.84. Sentimeta 2 tu.

Sasa hapo ndipo penye shughuli. Katika michezo hii miwili, mruko haupimwi kutoka pale mguu ulipokanyaga. Unapimwa kutoka kwenye mstari, yaani ukingo wa ubao ulio upande wa mchanga. Ukirukia sentimeta 10 nyuma ya mstari, umezitupa sentimeta 10. Ukipitisha mstari kwa sentimeta 1, umetupa mruko mzima.

Ndiyo maana pendekezo la kuuondoa ubao huo, lililotolewa Februari 2024, liliwasha moto ambao haujazimika kabisa.

Pendekezo lilisema nini?

Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Riadha Duniani, Jon Ridgeon, alieleza kwamba kwenye mashindano ya dunia ya Budapest mwaka 2023, takriban theluthi moja ya miruko yote ya kuruka chini ilikuwa faulo. Kwake yeye huo ni muda unaopotea. Mtazamaji anasubiri, mwanariadha anakimbia, bendera nyekundu inapanda, basi. Hakuna cha kupima.

Wazo lake lilikuwa kuweka eneo la kurukia badala ya ubao. Eneo lenyewe linakuwa pana zaidi, na kamera zinasoma ncha ya kiatu ilipoachana na ardhi. Mruko unapimwa kuanzia hapo hadi kwenye alama ya kwanza mchangani. Umerukia mwanzoni mwa eneo au mwishoni, unapata ulichoruka kweli. Na matokeo yanatokea papo hapo kwenye skrini.

Kwa mtu anayeangalia kwenye simu, wazo hilo linaingia akilini. Lakini waliouishi mchezo huo hawakulipokea vizuri.

Carl Lewis, aliyeshinda dhahabu ya kuruka chini kwenye Olimpiki nne mfululizo kuanzia 1984 hadi 1996, alilifananisha na mzaha wa Siku ya Wajinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kuulenga ubao ndio ugumu wenyewe wa mchezo. Kuuondoa, alisema, ni kama kupanua ringi ya kikapu kwa sababu watu wengi wanakosa mitupo huru. Miltiadis Tentoglou wa Ugiriki, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo na Paris, alisema sheria hiyo ikipita ataachana na kuruka chini na kuhamia miruko mitatu.

Eneo hilo lilifanyiwa majaribio. Hata hivyo, Furlani na wenzake walipoingia uwanjani Tokyo, ubao mweupe ulikuwa palepale.

Ili kuelewa kwa nini kitu kidogo namna hii kinagombaniwa, inabidi kukiangalia kwa karibu.

Ubao wenyewe ukoje?

Ubao wa kurukia una urefu wa mita 1.22, sawa na upana wa njia ya kukimbilia, na upana wa sentimeta 20. Umelazwa ukawa sawa na njia. Ukingo wake wa mbele, ulio karibu na mchanga, ndio mstari wa kurukia. Mbele ya mstari huo huweza kuwekwa kipande kingine chenye plastisini, ile laini kama udongo wa kuchezea watoto, ili kiatu kikipita kiache alama.

Watu wengi hudhani kwamba ni lazima ukanyage ubao. Si kweli. Ukirukia nusu mita kabla ya ubao, mruko wako ni halali kabisa. Ila utapimwa kutoka kwenye mstari, kwa hiyo hiyo nusu mita imekwenda na maji. Ubao ni shabaha, si sharti. Sharti ni kutovuka mstari.

Na hata maana ya kuvuka ilibadilika. Zamani faulo ilihusu kugusa: mwamuzi aliangalia kama plastisini ina alama. Kuanzia Novemba 2021, faulo ni pale sehemu yoyote ya kiatu cha mguu wa kurukia inapopita juu ya mstari kabla mguu haujaachana na ubao. Vuta picha ya ukuta wa kioo uliosimama wima kwenye mstari huo. Ncha ya kiatu ikipenya kioo, hata kama iko hewani na haijagusa kitu, bendera nyekundu inapanda.

Badiliko hilo liliendana na kamera. Kwenye mashindano makubwa sasa kamera iko pembeni kabisa ya ubao, na picha inaonyeshwa kwenye skrini ya uwanja. Ndiyo maana siku hizi mtazamaji anaoneshwa kiatu kikiwa kimepita kwa unene wa kucha, na mwanariadha anashika kichwa.

Kwa nini ni vigumu kuulenga?

Mwanamume wa kiwango cha dunia hufika kwenye ubao akiwa na kasi inayokaribia, au hata kuzidi kidogo, mita 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, ubao wa sentimeta 20 unapitwa ndani ya sekunde 0.02. Mguu wa kurukia wenyewe hukaa chini kwa takriban sekunde 0.12 tu. Hakuna muda wa kufikiri. Kila kitu kimeamuliwa nyuma, wakati wa kukimbia.

Wanariadha wakubwa hukimbia hatua karibu 18 hadi 22 kabla ya kuruka, na kwa wengi umbali huo unazidi mita 40. Mazoezini, kocha na mwanariadha hupima umbali huo kwa utepe na kuweka alama ya kuanzia. Hatua zinatakiwa zifanane kila mara, kama wimbo unaopigwa kwa mdundo uleule.

Lakini binadamu si mashine. Chukulia mtu anayekimbia hatua 19. Kila hatua ikiongezeka kwa sentimeta 1 tu, akifika mwisho amesogea mbele sentimeta 19. Huo ni karibu upana wote wa ubao. Na sentimeta moja kwa hatua inaweza kuletwa na upepo wa mgongoni, njia ngumu kuliko ya mazoezini, au makelele ya watu yanayopandisha damu.

Kumbe basi wanafikaje? Mwaka 1982 watafiti watatu, David Lee, J. R. Lishman na James Thomson, walichapisha utafiti wa hatua za warukaji wanawake. Waligundua jambo ambalo makocha wengi hawakulitarajia. Makosa ya unyayo yalikuwa yakijikusanya kadiri mkimbiaji alivyosonga mbele, hadi kupita sentimeta 30. Halafu, zikiwa zimebaki hatua chache kufika, makosa yalianza kupungua haraka, na kwenye ubao yakawa chini ya sentimeta 10.

Maana yake ni kwamba mrukaji hakimbii kwa kukariri tu. Macho yake yanausoma ubao unavyomjia, na mwili unarekebisha hatua za mwisho bila yeye kujua: hii inarefushwa kidogo, ile inafupishwa kidogo.

Na huku akirekebisha, bado ana kazi nyingine. Hatua ya pili kutoka mwisho huwa ndefu kidogo, ili mwili ushuke. Hatua ya mwisho huwa fupi, ili mguu ukite haraka na kuubadilisha mwendo wa mbele uwe pia wa juu. Mrukaji hodari hufanya yote hayo bila kupunguza kasi. Anayebabaika hujikuta akichezesha miguu kwa vihatua vidogo mbele ya ubao, na kasi aliyoijenga kwa mita 40 inayeyuka.

Huu ndio ustadi ambao Lewis alikuwa akiutetea.

Jinsi faulo mbili zinavyokula siku nzima

Kwa kawaida kwenye fainali kila mwanariadha anapata miruko mitatu. Baada ya hapo wanane bora wanaongezewa mitatu mingine, wengine wanakwenda kuvaa nguo zao. Kwa hiyo faulo mbili za mwanzo si jambo dogo.

Chukulia mwanafunzi mwenye uwezo wa kuruka mita 7.60 kutoka ncha ya kiatu hadi mchangani. Raundi ya kwanza anapitisha mstari kwa sentimeta 4. Faulo. Kocha anamwambia arudishe alama ya kuanzia nyuma kwa sentimeta 15. Kwa hesabu hiyo, mara ya pili atakanyaga sentimeta 11 kabla ya mstari. Salama.

Lakini raundi ya pili upepo wa mgongoni umeongezeka. Kila hatua inavutika kidogo, chini ya sentimeta 1, na kwa hatua 19 inajumlishwa kuwa sentimeta 13. Badala ya kuwa nyuma kwa 11, anapita mbele kwa 2. Faulo tena.

Sasa amebakiwa na mruko mmoja na moyo unadunda. Anarudisha alama sentimeta 30 nyingine ili awe na uhakika. Upepo uko vilevile, kwa hiyo anarukia sentimeta 28 kabla ya mstari. Na kwa kuwa anaogopa, anapunguza kasi hatua za mwisho. Mruko wake halisi unakuwa mita 7.45. Ukiondoa 28 zilizopotea, kwenye karatasi inaandikwa 7.17.

Kama wa nane ana 7.25, kijana huyo ameshatoka. Ana uwezo wa 7.60, lakini siku imeisha na 7.17.

Hapo upande wa Ridgeon una hoja. Kwenye eneo la kurukia, miruko yote mitatu ingeweza kupimwa, na kijana angebaki mashindanoni. Lakini upande wa Lewis nao una hoja: aliyeshindwa kuisoma hali ya upepo na kurekebisha alama yake ameshindwa sehemu moja ya mchezo, kama vile mpiga penalti anayepaisha juu ya mwamba.

Kuna njia ya kujua kosa liko wapi, na haihitaji kamera. Makocha wazoefu huweka alama ya pili pembeni mwa njia, sehemu ambayo mwanariadha anatakiwa kukanyaga zikiwa zimebaki hatua sita. Kocha hasimami karibu na ubao. Anasimama karibu na alama hiyo.

Mwanariadha akipita alama ya kati kwa umbali uleule aliouzidisha kwenye ubao, basi kosa limetokea mwanzoni, na dawa ni kusogeza alama ya kuanzia. Lakini akikanyaga alama ya kati sawasawa halafu akafanya faulo, kusogeza mwanzo hakutamsaidia. Kosa liko kwenye hatua sita za mwisho: anazinyoosha kuufuata ubao. Huyo anahitaji kuambiwa aendeleze mwendo wa miguu, asiurukie ubao kwa macho.

Wengi husogeza alama bila kujua kosa ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana faulo ya kwanza huzaa ya pili.

Miruko mitatu: ubao uleule, tatizo jingine

Ukitoka kuruka chini na kuingia miruko mitatu, ubao ni uleule na sheria ya mstari ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba ubao uko mbali na mchanga. Kwenye mashindano makubwa ya wanaume uko angalau mita 13 kutoka mchanga unapoanza, na kwa wanawake angalau mita 11. Kwenye mashindano ya chini husogezwa karibu zaidi, la sivyo mtoto atatua kwenye njia ngumu.

Mpangilio wa miguu ni sheria. Mruko wa kwanza unatua kwa mguu uleule uliorukia. Wa pili, unaoitwa hatua, unatua kwa mguu mwingine. Wa tatu unaishia mchangani. Aliyerukia kwa kulia atakanyaga kulia, kulia, kushoto, kisha mchanga. Ukibadilisha mpangilio, ni faulo hata kama hukugusa mstari.

Wanaoanza huharibu karibu kila mara sehemu ileile: hatua ya katikati. Sababu yake inaanzia kwenye ubao. Mtoto anafika kwa kasi, anauona mchanga kwa mbali, anajirusha juu kwa nguvu zote kama anaruka chini. Mruko wa kwanza unakuwa mkubwa na wa juu. Watu wanashangilia. Lakini kinachopanda juu sana kinashuka kwa kishindo. Mguu mmoja unapokea mzigo wote, goti linakunjika, kiuno kinazama. Hatua inayofuata inakuwa fupi kwa sababu hana alichobaki nacho, na mruko wa mwisho unafanywa bila kasi.

Mzigo huo si wa mzaha. Kwa wanariadha wakubwa, nguvu inayopiga mguu unapokita baada ya mruko wa kwanza inaweza kuzidi mara kumi ya uzito wa mwili. Kisigino, goti na mgongo vyote vinalipa. Ndiyo maana makocha makini hawawaachi watoto waruke miruko mitatu ya kasi kamili mara nyingi kwa siku moja, na huanzia kwenye majani au mchanga laini.

Sikiliza, usiangalie tu

Njia rahisi ya kujua kama mruko wa mtu umekaa sawa ni kufumba macho na kusikiliza viatu. Mrukaji mwenye mdundo mzuri anatoa sauti zinazolingana: pa, pa, pa, kisha mchanga. Anayeharibu hatua utasikia: paaa, pa-paaa. Kimya kirefu baada ya ubao, halafu miguu miwili inafuatana haraka. Ukisikia hivyo, jua mruko wa kwanza umekula wa pili.

Makocha wengi huwaanzishia vijana mgawanyo wa asilimia 35, 30 na 35. Kwa anayelenga mita 14, hiyo ni 4.90 mruko wa kwanza, 4.20 hatua, na 4.90 mruko wa mwisho. Alama zinachorwa pembeni ya njia, na kijana anaambiwa azifuate. Mara nyingi inabidi apunguze mruko wa kwanza ili aongeze jumla. Ni kinyume cha anavyotarajia.

Tazama tofauti. Kijana anayejirusha mita 5.40 mwanzoni, akapata hatua ya 3.30 na mruko wa 4.60, jumla yake ni 13.30. Mwenzake mwenye mruko wa kwanza wa 4.90 anamzidi kwa sentimeta 70. Aliyeanza kwa kishindo ameishia nyuma.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa Agosti 7, 1995, mjini Gothenburg, Sweden. Siku hiyo, kwenye fainali ya mashindano ya dunia, Mwingereza Jonathan Edwards aliruka mita 18.16 katika raundi ya kwanza na kuwa mtu wa kwanza kupita mita 18 kwa upepo halali. Raundi ya pili akaruka 18.29. Zaidi ya miaka 30 baadaye, bado hiyo ndiyo rekodi ya dunia ya wanaume.

Mruko huo uligawanyika hivi: 6.05, 5.22 na 7.02. Yaani takriban asilimia 33, 29 na 38. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho, wakati kawaida mtu anakuwa ameshachoka. Edwards hakuwa mtu wa misuli mikubwa. Alichofanya ni kuruka chini-chini mwanzoni, kama jiwe jembamba linalorushwa juu ya maji, ili kila mguu unapogusa chini usimwibie kasi. Alipofika kwenye mruko wa tatu bado alikuwa na mwendo wa kutumia.

Kila mguso wa ardhi unakata kasi, hakuna anayeukwepa. Swali ni nani anakatwa kidogo.

Ubao unaingiaje kwenye mdundo?

Kuna uhusiano ambao mtazamaji haoni haraka. Mrukaji wa miruko mitatu aliyefika kwenye ubao akiwa anachezesha vihatua, au aliyenyoosha mguu mbali ili aufikie, anaanza mruko wa kwanza akiwa ameegemea nyuma. Mtu aliyeegemea nyuma hupanda juu. Akipanda juu, hatua inakufa. Kwa hiyo kosa dogo kwenye ubao halimgharimu sentimeta zile alizokosa tu. Linaingia kwenye mruko wa kwanza, linapita kwenye wa pili, na linatokea tena kwenye wa tatu.

Hapo ndipo unapoelewa fainali ya Budapest mwaka 2023. Yulimar Rojas wa Venezuela, mwenye rekodi ya dunia ya mita 15.74 aliyoiweka Belgrade mwaka 2022, alipambana na ubao jioni nzima. Hadi kufika raundi ya mwisho alikuwa nje kabisa ya medali. Mruko wake wa sita ulikaa sawa: mita 15.08. Maryna Bekh-Romanchuk wa Ukraine, aliyekuwa anaongoza kwa 15.00, akashuka hadi fedha.

Kwa wanaounga mkono eneo la kurukia, usiku ule ni ushahidi kwamba bingwa anaweza kukaribia kupotea kwa sababu ya mstari. Kwa wanaoupinga, ni ushahidi kwamba mstari ndio unaoleta msisimko. Tukio moja, hukumu mbili.

Suala linalogusa viwanja vya shule

Kuna pembe moja ya mjadala ambayo haisikiki sana Ulaya, nayo inagusa hasa sehemu ambazo riadha huanzia kwenye uwanja wa vumbi.

Ubao ni kitu cha bei nafuu. Kwenye michezo ya shule za sekondari kama UMISSETA nchini Tanzania, au ile ya ngazi za chini yake, mruko unaweza kuhukumiwa kwa kipande cha mbao, utepe wa kupimia, reki ya kusawazisha mchanga na jicho la mwalimu. Kama hakuna plastisini, mchanga laini uliotandazwa mbele ya ubao unaonyesha alama ya kiatu. Siku inakwisha na mshindi anapatikana.

Eneo la kurukia linahitaji kujua ncha ya kiatu iliachana na ardhi wapi, kila mruko, kwa usahihi wa sentimeta. Kwa jicho tupu, mtu akipita kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde, hilo haliwezekani. Mtu anaweza kumwaga unga au majivu ili unyayo ubaki, na baadhi ya makocha hufanya hivyo kwa watoto wadogo sana. Ila kwa mashindano yenye ushindani, ugomvi wa kipimo utakuwa mwingi kuliko ugomvi wa faulo. Anayetaka kuepuka ugomvi atahitaji kamera na mtu wa kuiendesha.

Matokeo yake yanaweza kuwa mchezo mmoja wenye sheria mbili: kamera kwa wakubwa, ubao kwa wadogo. Kijana atakua akijifunza kuulenga mstari, kisha afike juu akute ustadi huo hauhesabiki. Au kinyume chake: aliyelelewa kwenye kamera arudi kwenye mashindano ya nyumbani apate faulo tatu.

Kwa upande wa pili, faulo zinaumiza zaidi mashuleni kuliko Tokyo. Mtoto anayesafiri kutwa nzima kwenda mashindano ya mkoa, akapata bendera nyekundu tatu, anarudi nyumbani bila hata kipimo kimoja. Hilo ni pengo la kweli, na kamera za mjini Monako, yalipo makao makuu ya shirikisho, haziwezi kuliziba. Kinachoweza kuliziba ni alama ya hatua sita, kocha anayejua kuisoma, na nafasi ya kufanya mazoezi kwenye njia yenye urefu kamili badala ya mita 15 za nyuma ya darasa.

Cha kuangalia fainali ijayo

Utakapofungua simu kuangalia fainali nyingine, usiangalie mchanga peke yake. Angalia raundi ya kwanza: nani amerukia nyuma sana, nani amepitisha. Huyo wa kwanza ana sentimeta za kuokota raundi zijazo, na pengine ndiye wa kuogopwa kuliko anayeongoza. Huyo wa pili angalia anavyorudi kwenye alama yake ya kuanzia, kama anaisogeza, na kwa kiasi gani.

Kwenye miruko mitatu, usishangilie mruko wa kwanza. Subiri wa pili. Ukiona hatua imekaa hewani kwa muda unaokaribia wa kwanza, mikono imetulia na kiuno hakijazama, jua kitu kikubwa kinakuja.

Pichardo alifanya hivyo Tokyo. Andrea Dallavalle wa Italia alikuwa amemnyang'anya uongozi kwa mita 17.64 katika raundi ya mwisho kabisa. Pichardo alikuwa amebakiwa na mruko mmoja, mstari uleule, na nafasi ya kufanya faulo ikiwa ileile kama ya mtu mwingine yeyote. Aliruka 17.91. Bendera iliyopanda ilikuwa nyeupe.